Kabla ya penseli, mpe mwanao hindi apukuchue

Mama mmoja wa Kabanga, ule mji mdogo wa mpakani wilayani Ngara ambako malori hupanga foleni kuelekea Kobero upande wa Burundi, alinionyesha daftari la binti yake wa miaka mitano. Kurasa zote zilijaa mistari, vijiti na duara. Ilikuwa kazi safi kabisa, na hakuna hata mstari mmoja uliochorwa na mtoto. Kila jioni baada ya kutoka sokoni mama alikaa nyuma ya binti yake, akaushika mkono wake ndani ya mkono wake mwenyewe na kuuongoza. Mtoto alikuwa akilia. Mama naye, alivyoniambia, siku nyingine alilia pia.

Binti huyo ana sindromu ya Down. Shule ya jirani ilimwambia mama amrudishe Januari, "akishajua kushika penseli". Kwa hiyo nyumba nzima ilianza kupigana na penseli.

Maoni yangu ni kwamba vita hivyo vilianzishwa mahali pasipofaa. Mtoto mwenye sindromu ya Down anaweza kufundishwa kutumia vidole vyake, na wengi huja kuandika. Lakini mkono wake hupanda ngazi moja baada ya nyingine, na penseli iko karibu na juu. Kazi ya mzazi ni kuijua ngazi ambayo mkono umesimama leo, kisha kumchezesha hapo hapo mpaka mkono wenyewe uombe ngazi inayofuata.

Kwanza tuelewane kuhusu mkono wenyewe. Mtoto huyu amezaliwa na kromosomu ya 21 iliyo tatu badala ya mbili. Si kosa la mama, wala hakuna aliyemroga. Nyongeza hiyo hufanya misuli yake iwe legevu na kano zinazoshikilia viungo ziwe laini, ndiyo maana vidole vyake hupinda nyuma kupita kawaida. Mara nyingi kiganja ni kipana, vidole ni vifupi na gumba ni fupi pia. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono hukomaa polepole zaidi kuliko ya watoto wengine. Mtoto wa namna hii akishika penseli ni kama wewe ukiambiwa uandike kwa fimbo ndefu huku umevaa glavu nene. Hapo usimwite mvivu.

Watoto wengi huanza kuokota kitu kidogo kwa ncha ya gumba na ya kidole cha shahada kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwenye sindromu ya Down mara nyingi hufika hapo katika mwaka wa pili, na wengine huingia mwaka wa tatu au zaidi. Kwa hiyo ukimpima kwa mtoto wa jirani utakuwa unasoma kalenda isiyo yake.

Maryanne Bruni, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa Kanada ambaye binti yake mwenyewe ana hali hii, huwaeleza wazazi jambo hili kwa mfano wa nyumba. Kwenye msingi kuna mwili uliotulia, mikono miwili inayosaidiana na mkono unaohisi vizuri unachogusa. Juu ya msingi unakuja wepesi wa vidole. Juu zaidi ndipo zinapokaa kazi za kila siku kama kula, kufunga vifungo na kuandika. Mama yule wa Kabanga alikuwa anaezeka paa kabla kuta hazijasimama.

Nilimwomba afunge daftari. Kisha nikaweka harage moja juu ya sinia mbele ya mtoto na kumtazama anavyoliokota. Hakutumia ncha za vidole. Alilikusanya kwa vidole vyote, kama reki inavyokusanya majani, akalisukuma hadi kwenye kiganja. Wakati huo huo mkono wake wa kushoto ulikuwa umekita mkekani, ukimzuia asianguke. Harage moja lilitueleza mambo mawili ambayo daftari zima halikusema: vidole vyake havijaanza kutengana kazi, na mkono mmoja bado una kazi ya kushikilia mwili.

Tukaanza na la mwili. Misuli ya mgongo ikiwa legevu, mtoto akikaa mkekani huinama mbele au hutanua miguu sana, na mkono mmoja hugeuka kuwa nguzo. Mkono ulio nguzo hauwezi kucheza. Mkalishe kwenye kigoda kifupi karibu na ukuta, mgongo uegemee, na nyayo zote mbili zikanyage chini. Nyayo zisipofika, weka tofali au ubao chini yake. Mbele yake weka meza ya kimo cha viwiko vyake, hata kama ni kreti ya soda iliyopinduliwa. Utajua umepatia pale utakapoona mikono yote miwili iko mezani na mtoto hayumbi. Mama yule aliona tofauti siku ile ile.

Sasa tuje kwenye michezo. Msingi wa vidole ni bega na kiganja chenye nguvu, na nguvu hiyo hujengwa kwa kusukuma, kubeba na kukamua. Mpe kitambaa kidogo ndani ya beseni la maji akikamue, kwanza kwa ngumi, baadaye kwa kusokota kwa mikono miwili. Mpe tambara bichi afute ukuta au mlango akiwa amesimama, mkono ukipanda juu ya bega. Mpe chupa ya nusu lita yenye maji aitoe jikoni kupeleka nje. Mama anapokanda unga wa chapati, amkatie kipande chake akibonyeze, akiviringishe na kukinyofoa. Kama bado anaweka vitu mdomoni, usimpe ule unga wa kuchezea unaotiwa chumvi nyingi, kwa sababu chumvi hiyo ikiliwa inamdhuru. Ugali uliopoa unatosha.

Michezo ya kupindua kichwa chini na kuruka sarakasi iacheni. Baadhi ya watoto hawa wana ulegevu kwenye viungo vya juu vya shingo, na shingo ikikunjwa kwa nguvu inaweza kuumia vibaya.

Baada ya hapo unakuja mchezo ninaoupenda kuliko yote, nao hauhitaji duka. Ni kupukuchua mahindi. Angalia mikono yako unapopukuchua: mkono mmoja umeshika gunzi na kulizungusha, na gumba la mkono mwingine linasukuma punje. Mikono inasaidiana, gumba linapata nguvu, na kila punje inayoanguka kwenye sinia inalia, kwa hiyo mtoto anajua amefanikiwa bila kuambiwa.

Lakini usimpe hindi zima. Hindi ambalo halijafunguliwa ni gumu hata kwa mtu mzima. Chagua lililokauka vizuri, toa wewe mistari miwili ya punje kutoka juu hadi chini, kisha mwekee gumba pembeni ya mfereji uliobaki wazi na umwache asukume. Punje zikiwa na nafasi ya kuangukia, hung'oka kwa nguvu kidogo. Akishindwa bado, mtolee mistari mitatu, legeza punje chache kwa kidole chako, na umwachie ile ya mwisho. Kesho mwachie mbili. Kumwachia hatua ya mwisho kuna faida, kwa sababu kila mara mchezo unaishia mikononi mwake, si mikononi mwako.

Kwa yule binti tulipanga dakika tano hadi kumi kila jioni, kabla ya chakula. Kwa wiki mbili za kwanza alisukuma kwa kiganja, na punje hazikuanguka. Bibi yake, ambaye ndiye anayeshinda naye mchana, akasema, "Mwacheni mjukuu wangu, mahindi yatapukuchuliwa na wenye mikono." Nikamwomba bibi jambo moja tu: ahesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Watoto hawa huhitaji muda mrefu zaidi kati ya kuona na kutenda. Tukimsaidia kwenye sekunde ya tatu, tunamkatiza njiani naye alikuwa anakuja. Bibi alihesabu. Siku moja, kwenye saba, gumba likasukuma.

Zaidi ya kusubiri, onyesha kuliko kusema. Wengi wao hujifunza vizuri zaidi kwa macho kuliko kwa masikio, na wengi wana tatizo la kusikia. Kaa mbele yake, pukuchua punje moja polepole, kisha mpe hindi. Ukihitaji kumshika, mshike kifundo cha mkono, siyo vidole. Baadaye mshike kiwiko tu, na mwishowe nyoosha kidole kumwonyesha. Msaada ukipungua namna hiyo, utaona mkono wake ukichukua kazi uliyoiacha.

Ngazi inayofuata ni kuokota. Hapa tahadhari ni moja na haina mjadala: mtoto ambaye bado anapeleka vitu mdomoni au puani asipewe kitu kidogo kuliko ngumi yake, na hata aliyeacha asiachwe peke yake na maharage au karanga. Kwake anza na vipande vikubwa vya gunzi, atie ndani ya sufuria. Mtoto aliyevuka hatari hiyo apewe vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, kisha punje za mahindi, kisha maharage. Chombo nacho kibadilike: kwanza beseni, halafu kikombe, halafu kopo lenye tundu kwenye mfuniko. Ukitaka mchezo mpya bila kununua kitu, toboa mwanya mrefu kwenye mfuniko wa kopo la plastiki, mpe vifuniko avitumbukize, kisha siku nyingine geuza kopo ili mwanya ulale upande mwingine. Atalazimika kuuzungusha mkono wake, na mzunguko huo ndio atakaouhitaji kwenye kijiko na kwenye funguo.

Kama bado anakusanya kwa kiganja kama reki, usimwekee rundo. Rundo linaalika kiganja. Mpe moja moja, na ulishike harage kati ya ncha za vidole vyako, likichungulia kidogo tu. Kiganja hakina pa kuingia, kwa hiyo gumba na kidole cha shahada vitakuja vyenyewe. Baadhi ya watoto husaidiwa wakifumbatishwa kipande kidogo cha kitambaa kwa kidole cha pete na kidole kidogo. Vidole viwili hivyo vikiwa na kazi ya kushika kitambaa, vile vitatu vya upande wa gumba hujitenga na kufanya kazi yao.

Utajuaje kwamba wakati wa kupanda ngazi umefika? Mimi hutumia kipimo rahisi. Akifanikiwa mwenyewe karibu mara nane katika kumi, na akarudia hivyo kwa siku tatu tofauti, badilisha jambo moja tu. Ukipunguza ukubwa wa kitu, usibadilishe chombo siku hiyo hiyo. Na utajuaje kwamba umepanda haraka mno? Ataanza vituko: atatupa sinia, atacheka na kutazama pembeni, atakukumbatia, au atalala chini. Wengi husema ni ukaidi. Mara nyingi ni njia yake ya kusema kwamba kazi imemzidi. Shuka ngazi moja, malizeni na jambo analoliweza, kisha funga mchezo wa siku hiyo.

Hapa lazima nijibu swali ambalo wasomaji wengine watakuwa nalo. Tukisema "kwa mwendo wake", je, si ndiyo kumwacha? Hapana, na kosa hili la pili nimeliona kwenye nyumba nyingi kuliko kosa la daftari. Mtoto hulishwa kwa kijiko hadi miaka saba, huvalishwa, humenyewa ndizi, kwa sababu anapendwa na kwa sababu ni haraka zaidi. Mkono usiopewa kazi hauendi kwa mwendo wake, umesimama. Mwendo wake maana yake ni kwamba kila siku kuna kazi ndogo ambayo ni yake, naye ana muda wa kutosha kuimaliza. Ndizi mbivu ianze kufunguliwa nchani na mama, amalizie yeye. Yai la kuchemsha lipasuliwe ganda, amenye yeye. Maharage mabichi kwenye maganda, ambayo Ngara hayakosekani msimu wake, yafunguliwe mshono, azitoe mbegu yeye. Chakula kitamwagika, na nguo zitachafuka. Hiyo ndiyo gharama yenyewe.

Turudi kwa binti yule. Baada ya kama miezi mitatu alikuwa akiokota harage kwa gumba na vidole viwili, si kila mara, na jioni akiwa amechoka alirudi kwenye reki. Nilimwambia mama asitishike. Watoto hawa huweza kujua jambo wiki hii, wakalipoteza wiki ijayo, kisha wakalishika tena. Mwezi wa tano tulimpa chaki, siyo penseli. Tuliivunja ibaki kipande cha sentimita tatu hivi. Kipande kirefu hushikwa kwa ngumi, lakini kifupi hakina pa kushikia isipokuwa kwa ncha za vidole. Alichorea kwenye ubao ulioegemezwa ukutani, kwa sababu mkono ukiandika juu ya kitu kilichosimama, kifundo hujikunja kwa nyuma kidogo na vidole hukaa vizuri. Kwanza alipiga nukta, akiita mvua. Mwezi wa saba mvua ikawa mistari inayoshuka. Duara bado, na jina lake bado. Lakini anafunga kifungo kikubwa cha sweta mwenyewe, na anapukuchua upande mzima wa hindi kabla bibi hajamaliza yake mawili.

Na shule? Hapa nisema wazi. Kushika penseli si tiketi ya kuingilia darasani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na darasa la awali ndilo mahali pa kujifunzia kushika penseli. Mzazi akiambiwa amrudishe nyumbani mpaka ajue, aombe kuonana na mwalimu mkuu, na ikibidi aende kwa ofisa elimu wa kata au wilaya. Akienda, aeleze kile ambacho mtoto anaweza: anaokota kwa vidole vitatu, anachora mstari ubaoni, anahitaji kiti ambacho miguu yake inafika chini. Mwalimu anayepewa maelezo hayo ana pa kuanzia.

Michezo hii ina mipaka yake, na kuna wakati wa kwenda hospitali badala ya kuongeza mahindi. Macho na masikio yapimwe mapema, kwa kuwa mtoto asiyeona vizuri harage hataliokota hata vidole vikiwa tayari. Tezi ya koo nayo ipimwe kwa damu mara kwa mara, maana ikipungua nguvu mtoto hulegea na kuwa mzito. Kama anatumia mkono mmoja tu na mwingine umelala, hilo si kawaida ya sindromu ya Down, aonwe na daktari. Na kama alikuwa anaweza kisha mikono au miguu ikalegea ghafla, mwendo ukabadilika, shingo inauma au ameanza kujikojolea tena, mpeleke siku hiyo hiyo. Ukifika hospitali uliza kama kuna mtaalamu wa tiba kwa vitendo au wa fiziotherapia. Wa tiba kwa vitendo ni wachache, wanafundishwa KCMC kule Moshi, na Moshi ni mbali na Kabanga. Ukimpata hata mara moja kwa mwaka, nenda na orodha ya ngazi ambazo mwanao amepanda na ile anayoshindwa. Saa moja yake itakufaa zaidi.

Kwa wiki hii nakuomba ufanye jambo moja tu. Jioni mtoto akiwa hajachoka, mkalishe kwenye kigoda, nyayo chini, mgongo ukutani. Kama haweki tena vitu mdomoni, mwekee harage moja kwenye sinia. Kama bado anaweka, mwekee kipande cha gunzi kilicho kikubwa kuliko ngumi yake. Usimwambie kitu, usimsaidie. Tazama tu ni vidole vipi vinavyokwenda na mkono wa pili unafanya nini. Liandike uliloliona pamoja na tarehe. Kisha kesho tafuta hindi kavu, toa mistari miwili, na umpe.